Bwawa la Hoteli na Bustani Inayolizunguka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mameneja, wahudumu wa bwawa na watunza bustani wa hoteli za Nairobi, hasa zile za ukubwa wa kati ambazo bwawa limezungukwa na nyasi na miti, na ambazo wageni wa kutwa huja na watoto mwishoni mwa wiki. Penye hesabu, tumechukua bwawa lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 7, ambalo kina chake ni mita 1 upande mmoja na mita 2 upande wa pili. Wastani wa kina hicho ni mita 1.5, kwa hiyo bwawa linabeba takriban lita 157,500. Anayetaka kuzitumia hesabu hizi apime kwanza bwawa lake, kwa sababu dawa nyingi hutiwa kwa kukisia, na makosa mengi huanzia hapo.

Ni wakati gani bwawa linapaswa kufungwa bila mjadala?

Simama ukingoni, upande wa kina kirefu, kisha utazame kifuniko cha tundu la kunyonya maji lililo sakafuni. Ukiweza kukiona vizuri pamoja na vitobo vyake, maji yana uwazi wa kutosha. Ukiona kivuli tu, au usipoona kitu, bwawa lifungwe papo hapo, hata kama kipimo kinaonyesha kwamba klorini iko sawa. Tunalisisitiza jambo hili kuliko mengine yote katika ukurasa huu, kwa sababu mtu aliyezama chini ya maji yenye ukungu hawezi kuonekana na mwokoaji aliye juu yake, wala na waogeleaji wanaopita karibu naye.

Wengi hudhani kwamba anayezama atapiga mayowe na kupunga mikono. Kwa kawaida haiwi hivyo. Kinywa chake kinatafuta hewa na mikono yake inasukuma maji chini ili apate kuinuka, kwa hiyo hana pumzi ya kuita wala mkono wa kupunga, na mtoto anaweza kutoweka chini ya maji kabla ya dakika moja kwisha. Ulinzi wote wa bwawa unategemea macho, na macho hayana msaada maji yakiwa na ukungu.

Kifuniko chenyewe kikaguliwe kila asubuhi. Kikiwa kimevunjika, kimelegea au hakipo, zima pampu na ufunge bwawa, kwa maana nguvu ya kunyonya inaweza kushika nywele au mwili wa mtu na kumzuia asiibuke. Vilevile watu watolewe majini ngurumo ya radi inaposikika, wasirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Uamuzi wa kufunga uwe mkononi mwa mhudumu aliye zamu. Akilazimika kumpigia simu meneja na kusubiri ruhusa, muda unaopotea ndio muda wa hatari.

Jana maji yalikuwa safi. Kwa nini yameamka na rangi ya chai ya maziwa baada ya mvua ya usiku mmoja?

Mara nyingi jibu liko bustanini. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli, Oktoba hadi Desemba, huteremsha udongo mwekundu, vipande vya nyasi na mabaki ya mbolea kutoka kwenye miinuko ya bustani. Majani na uchafu huo hutumia klorini iliyokuwa majini, na mbolea huwa chakula cha mwani. Udongo nao una chembe ndogo mno, ambazo nyingi hupenya katikati ya mchanga wa chujio na kurudi bwawani, ndiyo maana pampu inaweza kuzunguka siku nzima na maji yasibadilike.

Dawa ya kudumu ya tatizo hili haiuzwi dukani. Nyasi na vitanda vya maua vinapaswa kuwa na mteremko unaoelekea mbali na bwawa. Pale ambapo ardhi hairuhusu, jengwe mfereji wenye wavu kati ya nyasi na sakafu ya bwawa, uwe na njia ya kutolea maji, na usafishwe kabla ya mvua kuanza. Mfereji uliojaa majani ya mijakaranda hauna faida. Maji huupita juu na kuingia bwawani kana kwamba haupo.

Tukishakuta maji yamechafuka hivyo, tufanye nini hatua kwa hatua?

Tuchukue Jumamosi moja ya Aprili. Saa 12 asubuhi mhudumu anakuta kifuniko cha sakafuni hakionekani, klorini huru ni miligramu 0.2 kwa lita na pH ni 7.9. Kuna sherehe ya watoto iliyopangwa saa 8 mchana. Jambo la kwanza ni kufunga lango na kuwaarifu walioandaa sherehe mapema kwamba hakutakuwa na kuogelea siku hiyo, badala ya kuwapa matumaini ya saa 8 ambayo hayatatimia.

Kisha majani yaondolewe kwa wavu, vikapu vya pampu na vya kando ya bwawa vimwagwe, na kuta zipigwe brashi. Tazama geji ya chujio. Ikiwa imepanda kwa nusu ba au zaidi kuliko inavyosoma chujio likiwa safi, lioshwe kwa kurudisha maji nyuma hadi kioo cha kuangalizia kionyeshe maji meupe.

Baada ya hapo shusha pH kabla ya kutia klorini. Mpangilio huu una sababu yake: pH ikiwa karibu 7.4, zaidi ya nusu ya klorini iko katika hali inayoua vijidudu kwa haraka, lakini pH ikifika 8 kinachobaki katika hali hiyo ni takriban robo tu. Tia nusu ya kiasi cha tindikali kilichoelekezwa kwenye lebo, acha pampu izungushe maji kwa saa kadhaa, upime tena, kisha uongeze ikibidi. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana alkali nyingi, kwa hiyo wanaojaza bwawa kwa maji ya kisima wataona pH ikirudi juu mara kwa mara.

pH ikishafika 7.4, lengo ni kupandisha klorini hadi miligramu 10 kwa lita. Lita 157,500 zinahitaji gramu 1,575 za klorini yenyewe. Unga wa kalisi hipokloriti wenye nguvu ya asilimia 65 hauna klorini kamili, kwa hiyo gawa 1,575 kwa 0.65, upate takriban kilo 2.4 za unga. Pampu iendelee kufanya kazi hadi jioni.

Jioni hiyo, ikiwa mwani umekufa lakini rangi ya udongo bado ipo, itumike shabu. Iyeyushwe kwenye ndoo ya maji kwa kipimo kilichoandikwa mfukoni, imwagwe kwa kuisambaza juu ya bwawa, maji yazungushwe kwa muda bila kupita kwenye chujio, kisha pampu izimwe usiku kucha. Shabu hukusanya chembe za udongo na kuzizamisha. Asubuhi ya Jumapili utakuta tope laini sakafuni na maji angavu juu yake. Tope hilo livutwe polepole kwa bomba la kufyonzea na lipelekwe nje moja kwa moja, lisipitishwe kwenye chujio. Mtu akilivuta kwa haraka, litatibuka na kazi itaanza upya.

Hatimaye ongeza maji yaliyopungua, washa pampu na upime tena, kwa kuwa shabu nayo hushusha pH. Bwawa hufunguliwa pale tu mambo matatu yanapotimia kwa pamoja: kifuniko cha sakafuni kinaonekana wazi, pH iko kati ya 7.2 na 7.8, na klorini imeshuka hadi 3. Katika mfano wetu inawezekana ikawa adhuhuri ya Jumapili.

Tunatia klorini kila siku, lakini kipimo cha mchana huonyesha karibu sufuri. Inakwenda wapi?

Sehemu kubwa huchukuliwa na jua. Nairobi iko karibu na ikweta, tena kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, na jua kali linaweza kuharibu nusu ya klorini isiyo na kinga ndani ya muda usiozidi saa moja. Kwa hiyo unga hutiwa jioni baada ya wageni kutoka, na bwawa hupimwa asubuhi kabla ya kufunguliwa na tena mchana.

Kinga iliyozoeleka ni asidi ya sianuriki, ambayo ikiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita huisaidia klorini idumu juani. Vidonge vinavyoyeyuka taratibu tayari vina asidi hiyo ndani yake. Wanaotumia vidonge peke yake mwaka mzima waelewe kwamba klorini hutumika na kuisha, ilhali asidi hiyo hubaki na kujilimbikiza. Ikipita 100, klorini hufanya kazi kwa ulegevu hata kama kipimo kinaonyesha iko ya kutosha, na mwani huanza kuota kwenye bwawa ambalo daftari lake linasema kila kitu ni sawa. Njia ya kuipunguza ni kumwaga sehemu ya maji na kujaza mapya.

Je, harufu kali ya klorini ni dalili kwamba dawa imezidi?

Kwa kawaida ni kinyume chake. Harufu hiyo, pamoja na macho kuwasha, hutokana na klorini iliyoungana na jasho, mkojo na mafuta ya mwilini. Kipimo cha klorini iliyoungana kikizidi 0.4, bwawa linahitaji klorini zaidi baada ya kufungwa, pamoja na maji mapya. Wageni waombwe kuoga kabla ya kuingia, na bafu la nje liwe linafanya kazi kweli.

Hoteli yetu ina kibanda kimoja tu. Tunaweza kuweka dawa za bwawa pamoja na vifaa vya bustani?

Hapana, na hapa hatuoni nafasi ya maafikiano. Katika vibanda vingi utakuta ndoo ya klorini imewekwa kando ya mashine ya kukatia nyasi, mtungi wa petroli, mfuko wa mbolea na galoni la tindikali. Klorini ya unga ikikutana na petroli, mafuta ya mashine au nyasi kavu inaweza kuwaka bila ya kiberiti. Ikikutana na tindikali hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu. Mbolea zenye amonia nazo zikichanganyika nayo hutengeneza gesi hatari. Hata klorini ya unga na klorini ya vidonge, ingawa majina yanafanana, hazipaswi kugusana kamwe, kwa sababu mchanganyiko wake unaweza kulipuka.

Jambo dogo linaloleta madhara makubwa ni kikombe cha kupimia. Mhudumu huchota vidonge vilivyosagika kwa kikombe chenye unyevu, kisha anakitumbukiza kwenye ndoo ya unga. Chembe nyeupe zilizoganda kwenye ukingo wa kikombe hicho zinatosha kuanzisha moto au mlipuko ndani ya ndoo. Kila dawa iwe na kikombe chake kikavu, chenye rangi yake, na kisitoke kwenye eneo la dawa hiyo.

Ikiwa nafasi ni finyu, klorini ipewe chumba kikavu chenye kufuli na matundu ya hewa juu na chini, iwekwe juu ya mbao na si sakafuni. Tindikali ikae mahali pengine, chini, ndani ya beseni la plastiki, kamwe isiwe kwenye rafu iliyo juu ya klorini. Petroli na mbolea vibaki upande wa bustani. Dawa zote zikae kwenye vyombo vyake vya asili vyenye lebo. Tindikali iliyomiminwa kwenye chupa ya soda ni hatari kwa kila anayeingia humo.

Wakati wa kutia, mhudumu avae glavu za mpira, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika miguu. Daima dawa humiminwa kwenye maji, maji hayamiminwi juu ya dawa. Penye mashine ya kutia dawa yenyewe, ifungwe umeme kwa namna ambayo pampu kuu ikizimika nayo izimike. Vinginevyo klorini na tindikali hukusanyika pamoja ndani ya bomba, na pampu inapowashwa gesi hutokea kwenye midomo ya maji ambapo watoto hupenda kukaa. Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika na kurudi, watu watoke majini kabla ya pampu kuwashwa.

Mtunza bustani anaweza kunyunyiza dawa ya wadudu au kuweka mbolea bwawa likiwa wazi?

Asinyunyize. Kazi hiyo ifanyike alfajiri bwawa likiwa limefungwa, upepo ukiwa umetulia, kwa dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, na muda wa kukaa mbali ulioandikwa kwenye lebo uheshimiwe kabla ya watoto kuruhusiwa kukanyaga nyasi pekupeku. Mbolea isiwekwe siku ambayo mvua inatarajiwa, na ukanda wa mita chache kando ya bwawa uachwe bila mbolea kabisa.

Mhudumu wa taulo na vinywaji anaweza kuwa mwokoaji pia?

Hawezi kuzifanya kazi hizo mbili kwa wakati mmoja. Kipimo kinachofuatwa na waokoaji wengi ni kwamba eneo lote la ulinzi lipitiwe kwa macho ndani ya sekunde 10, na mwenye shida afikiwe ndani ya sekunde 20 zinazofuata. Anayeandika oda ya soda mbili na sahani ya chipsi ameshapoteza sekunde hizo. Mwokoaji apokezwe kila baada ya dakika 20 hadi 30, kwa maana jicho huchoka na hutazama bila kuona. Wazazi na yaya waelezwe wanapoingia kwamba mtoto asiyejua kuogelea awe mahali ambapo mkono wao unamfikia.

Bustani nayo inahusika. Ua wa kayaba uliorefuka unaweza kuficha kona nzima ya bwawa, kwa hiyo mtunza bustani akae kwanza kwenye kiti cha mwokoaji, aone kinachofichwa, ndipo akate. Uzio uwe na urefu wa angalau mita 1.2 na lango linalojifunga lenyewe, na chungu cha maua au benchi visiwekwe kando yake, kwa kuwa mtoto wa miaka minne hupanda hapo na kuvuka.

Mtu akitolewa majini akiwa hapumui, apuliziwe hewa kwanza, kisha kifua kikandamizwe mara 30 kwa kila pumzi 2, wakati mtu mwingine anapiga simu 999 au 112. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo kukandamiza kifua peke yake hakutoshi.

Tumeweka bango la “Ogelea kwa hatari yako mwenyewe”. Je, linatukinga kisheria?

Msilitegemee. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya wenye majengo, Sura ya 34, inamtaka mwenye mahali achukue tahadhari za kumweka mgeni katika usalama wa kuridhisha, akitarajia kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Onyo peke yake halitoshi ikiwa halimwezeshi mgeni kuwa salama.

Bango lenye manufaa humwambia mtu jambo analoweza kulitenda. Kina kiandikwe kwa tarakimu kubwa ukingoni, kila mahali kinapobadilika, na “Usipige mbizi” iandikwe pote ambapo maji hayafiki angalau mita 1.5. Langoni yaandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza saa za kufungua, saa ambazo mwokoaji yupo, na nambari ya dharura. Bwawa likifungwa, pawe na bango la pili lenye sababu: “Bwawa limefungwa. Maji hayaoneshi sakafu. Usiingie.” Mgeni akijua sababu, huwa habishani na askari wa langoni. Na maua ya bougainvillea yasiruhusiwe kuyafunika maandishi hayo.

Mtoto amejisaidia majini. Tufunge kwa muda gani?

Inategemea aina ya choo. Kikiwa kigumu, watu watoke, kiokotwe kwa wavu bila kukivunjavunja, klorini iwekwe 2 na pH isizidi 7.5, kisha msubiri dakika 30. Wavu nao uoshwe kwa klorini.

Ukiwa ni mharo, hali ni tofauti kabisa, kwa sababu kuna kimelea kiitwacho kriptosporidiamu kinachostahimili klorini ya kawaida kwa siku kadhaa. Katika maji yasiyo na asidi ya sianuriki, klorini ipandishwe hadi 20 na ishikiliwe hapo kwa takriban saa 13. Asidi hiyo ikiwepo kwa kiasi kisichozidi miligramu 15 kwa lita, muda huo hufika saa 28. Ikizidi hapo, lazima kwanza maji yapunguzwe na kujazwa mapya. Baadaye chujio lioshwe, na maji yake yapelekwe moja kwa moja kwenye mfereji wa maji taka.

Kwa siku za kawaida, maji ya kuoshea chujio yanaweza kumwagilia nyasi?

Yasimwagwe bustanini wala kwenye mfereji wa mvua unaoelekea mtoni. Yana klorini, chumvi na uchafu uliokusanywa kwa siku nyingi, na nyasi zinazoyapata mara kwa mara huungua kwa mabaka ya manjano yanayofuata njia ya bomba. Yaelekezwe kwenye maji taka kwa idhini ya kampuni ya maji.